Stelingi Anataka Nini?

Mdogo wangu anaangalia sinema za ngumi na bunduki tu. Mwaka jana nilimkalisha mbele ya *Tokyo Monogatari* ya Ozu, ya mwaka 1953: wazazi wazee wanasafiri kwenda kuwatembelea watoto wao mjini, na watoto hawana muda nao. Baada ya nusu saa akaniuliza, "Dada, stelingi ni nani hapa, na anataka nini?" Kisha akalala.

Nilikasirika, lakini swali lake lilikuwa la haki. Mtu wa sinema za mapigano hakosi subira. Amezoea kujua mapema nani anatafuta nini, amebakiwa na muda gani, na nani amemzibia njia. Ozu anayaficha yote matatu. Kwa hiyo usianze naye. Anza na sinema inayobakiza hayo, ikaondoa risasi.

Safari ya pili nilichagua *Deux jours, une nuit* ya ndugu wawili wa Ubelgiji, akina Dardenne, ya mwaka 2014. Sandra anataka kurudi kazini baada ya kuugua sonona. Kiwandani, wenzake 16 wameambiwa wachague: bonasi ya euro 1,000 kwa kila mmoja, au yeye abaki. Wamechagua bonasi. Kura itarudiwa Jumatatu, na Sandra ana wikiendi moja ya kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Anahitaji kura 9.

Ukitazama vizuri, kila mlango ni pambano. Kamera inamfuata Sandra bila kukatakata picha, na hakuna muziki wa kukuonya kitakachotokea. Anarudia ombi lilelile, karibu kwa maneno yaleyale, na kila mara anayefungua ana sababu yake: ada ya mtoto, deni, nyumba. Hakuna adui wa kumchukia kwa raha. Hapo ndipo sinema ya polepole inapoanza kumfundisha mtazamaji, wakati yeye anadhani bado anafuata mbio.

Kuna ngumi pia, kidogo tu: kijana anampiga baba yake kwa sababu ya kura hiyo. Mdogo wangu, ambaye huhesabu maiti huku anakula karanga, alishtuka mpaka akasimama.

Utajuaje kuwa umechagua vizuri? Usimuulize kama ameipenda. Angalia kama simu imebaki mfukoni, maana ukiacha kusoma maandishi ya chini dakika mbili, umeshapotea. Wangu alikuwa anahesabu kura kwa vidole.

Inayofuata itakuwa *Jodaeiye Nader az Simin* ya Farhadi wa Iran, ambayo ina fumbo la kufumbua lakini haikuambii nani mkosaji. Ozu atarudi baadaye, wakati swali la stelingi litakapoweza kungoja.

Filamu ilipoisha nilitegemea amsifu Sandra. Alikaa kimya, kisha akasema, "Dada, mimi ningechukua hela." Tukabishana mpaka saa saba usiku.