Ukimaliza, Anza: Kuzisoma Nukuu za Kocha wa Mazoezi

Utanzu unaosomwa sana siku hizi hauna mhariri wala tuzo. Ni ile sentensi moja, nyeupe juu ya picha nyeusi, ambayo kocha wa mazoezi huiweka kwenye stetasi ya WhatsApp kabla jua halijachomoza, na ambayo hufutika baada ya saa 24. Msomaji wake ni mtu mwenye shughuli nyingi aliyelipia mazoezi au kuyaahidi, kisha akayakosa Jumatatu, akayakosa Jumatano, na sasa anasubiri Jumatatu nyingine. Posti hizi zinafika hadi Balambala, kwenye Mto Tana huko Garissa, alimradi simu ina bando. Swali la mhakiki ni rahisi: sentensi hii inamfanyia nini msomaji huyo?

Tuanze na ile maarufu kuliko zote: kwamba kila mtu ana masaa 24. Kwa sauti ni nzuri, fupi, na haina pa kubishia. Lakini itazame kisarufi. Haina kitenzi cha kutenda. Haina mahali. Haitaji wakati wowote kwa sababu inataja wakati wote. Mwalimu anayeamka alfajiri, anafundisha hadi alasiri, kisha ana rundo la madaftari ya kusahihisha, anaisoma na kubaki na kitu kimoja tu mkononi: lawama. Na lawama haina saa ya kuanza.

Aina ya pili hupaa. Eliud Kipchoge alitupa kauli yake kwamba hakuna binadamu mwenye kikomo, na tangu 12 Oktoba 2019, alipokimbia kilomita 42 na ushei jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kauli hiyo imebandikwa kila mahali. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kinachoachwa nje ya picha. Siku ile alikuwa na wakimbiaji 41 wa kumwongoza kwa zamu, gari lililochora mwanga barabarani kuonyesha mahali pa kukanyaga, na mwendo uliopangwa wa takriban dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Hata siku yenyewe ilichaguliwa kwa kuangalia hali ya hewa. Yaani nyuma ya kauli isiyo na kikomo palikuwa na mpango wenye mipaka kila upande. Posti inachukua kauli na kuuacha mpango.

Pengo hilo limewahi kupimwa. Mwaka 2002 watafiti Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi 248 wa chuo nchini Uingereza. Kundi moja halikupewa cha kuwahamasisha. La pili lilisoma maandishi ya kuhamasisha kuhusu mazoezi na ugonjwa wa moyo. La tatu lilisoma maandishi hayohayo, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia mazoezi wiki ijayo. Kundi la kwanza, waliofanya mazoezi walau mara moja walikuwa asilimia 38. La pili, asilimia 35. La tatu, 91. Ni kweli walijieleza wenyewe, na ni wiki moja tu, kwa hiyo tusiifanye sheria ya dunia. Lakini soma tena kundi la pili: waliohamasishwa bila kupanga hawakuwazidi wale walioachwa hivihivi. Nia waliipata. Walichokosa ni mahali pa kuitundika.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomshinda kocha anayetafsiri nukuu za wenyewe. Sisi tuna kiungo kidogo cha herufi mbili kinachofanya kazi hiyohiyo: "-ki-". Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tazama methali hii ilivyojengwa: kuna jambo utakaloliona kwa macho, na kuna tendo la kufanya papo hapo. Haikuambii uwe mtu wa kujiandaa. Inakuambia ukiona wembe, shika maji. Wahenga waliandika posti bora kuliko zetu.

Basi tuiandike upya ile ya masaa 24, kwa ajili ya mwalimu wetu wa kubuni wa Balambala. "Jioni nitafanya mazoezi" haifai, kwani jioni ni pana na ina wageni. "Nikipata nafasi" ni mbaya zaidi. Nafasi haipigi hodi. Tunahitaji jambo linalotokea kila siku bila yeye kulikumbuka. Katika mji ambao wengi ni Waislamu, jambo hilo lipo tayari na linasikika: adhana. Na kwa kuwa Balambala iko karibu kabisa na ikweta, saa ya Magharibi haisogei sana mwaka mzima. Baada ya Alasiri jua bado linachoma, ila likielekea saa kumi na moja na nusu linalegea. Posti yake iwe hivi: "Ukifika nyumbani na kutua mkoba, vaa raba, tembea dakika 15 kabla ya Magharibi." Akifanya siku tano, ni dakika 75. Akiongeza "Ukimaliza swala ya Alfajiri, tembea dakika 15" siku hizohizo, zinatimia 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wiki kwa mtu mzima, kwa mwendo wa kutosha kuharakisha pumzi. Hakuna jimu iliyohitajika.

Kuandika hivi kunamlazimisha kocha kumjua msomaji wake, na hapo ndipo wengi hushindwa. Akiandika "tembea hadi mtoni" amesahau kwamba Tana ina mamba na viboko, na magharibi si saa ya kuzurura ukingoni. Akiandika "tembea barabarani" huenda amemsahau mama asiyependa kutazamwa, huyo aambiwe: "Ukishabandika chai, shika kiti, chuchumaa na kusimama mara 10 uani." Kipimo cha posti ni hiki: msomaji aweze kujibu lini, wapi na baada ya nini bila kumuuliza mtu. Na kocha atazame majibu anayopata. Akiletewa vidole gumba tu, amesifiwa. Akiulizwa "na siku za mvua je?", amesomwa.

Kuna tatizo la pili, nalo limo katika neno "kila siku". Posti mpya kila asubuhi huleta agizo jipya, ilhali mazoea hujengwa kwa agizo lilelile. Phillippa Lally na wenzake huko London, katika utafiti wao wa watu 96, walikuta kwamba tendo jipya lilichukua siku 66 hivi kwa mtu wa katikati ya kundi kuanza kujiendea lenyewe, na tofauti baina ya watu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari. Kwa hiyo posti inayofoka kwamba ukiruka siku moja umejiangusha inasema uongo, tena inamwambia mtu yuleyule aliyeruka jana.

Kocha mwenye ujasiri angerudia sentensi moja kwa miezi miwili. Wafuasi wangechoka kuisoma, kama tulivyochoka kusikia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Lakini methali hiyo bado tunaijua bila kufungua simu.