Ngazi Tano za Kusema Nzuri

Hojaji ya wageni wa hoteli, ambayo wengi huiita dodoso, kwa kawaida haizidi ukurasa mmoja, na anayeifasiri hupewa maneno machache mno, lakini hana ruhusa ya kuyatia chumvi wala kuyapunguza makali. Majibu ya fomu ya Kiswahili yatajumlishwa na yale ya fomu ya Kiingereza na kutolewa wastani mmoja, na hesabu haiulizi namba 3 imetoka kwenye fomu ipi. Ufundi wa kazi hii, basi, umo katika kulinda umbali uliopo kati ya neno na neno.

Katika skeli, yaani ngazi za majibu ambazo mgeni huchagua mojawapo, ndipo ufundi huo unapopimwa. Dodoso nyingi za hoteli za Kiingereza hutumia ngazi tano ambazo, zikisomwa kwa makini, huonekana zimeinamia upande mmoja, kwa kuwa tatu za juu ni za sifa, ya nne ni ya sifa hafifu, na ya mwisho peke yake ndiyo ya lawama. Mfasiri mwenye haraka huiona skeli hiyo kama kosa la kurekebishwa, akaandika bora sana, nzuri, wastani, mbaya na mbaya sana. Orodha yake inapendeza kwa ulinganifu wake, ila chombo kimebadilika, maana mgeni wa Kiingereza aliyeweka alama katika kisanduku cha tatu amesifu, na wa Kiswahili aliyeweka hapohapo hajasifu wala kulaumu.

Ngazi ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, kwani neno lake la Kiingereza, fair, lina maana pia ya haki na ya maonesho ya biashara, na kamusi haisaidii. Wapo wanaopendelea inaridhisha, na hoja yao ina nguvu, kwa sababu katika ripoti za shule nchini Tanzania alama D huelezwa kwa neno hilo, na kila aliyewahi kupeleka ripoti kama hiyo kwa mzazi wake anajua kwamba halikuwa jambo la kushangiliwa. Tatizo hujitokeza chini ya ukurasa, ambako mgeni anaulizwa ameridhika kiasi gani kwa jumla, na kuridhika kukubwa ndiko jibu la juu kabisa. Mzizi mmoja hauwezi kukaa kileleni katika swali moja na karibu na chini katika lingine bila kumchanganya msomaji, kwa hiyo nzuri kiasi, japo haina mvuto, ni chaguo salama zaidi.

Kiswahili kina mtego mwingine ambao Kiingereza hakiujui, nao ni upatanisho wa kisarufi, yaani sifa kufuata ngeli ya nomino. Katika jedwali lenye ngazi juu na mada ubavuni, neno nzuri halipatani na chakula, chumba wala wahudumu. Baadhi ya wafasiri hukwepa kwa kutanguliza huduma katika kila safu, wakaandika huduma ya chakula, na sarufi ikatulia. Lakini mgeni aliyefurahia samaki wa kupaka baada ya kumngoja saa nzima sasa anaulizwa juu ya kule kungoja, ilhali swali la asili lilimhusu samaki. Dawa yake ni kuachana na jedwali na kuandika ngazi upya chini ya kila swali, kizuri kwa chakula na wazuri kwa wahudumu, hata kama karatasi itarefuka.

Tafsiri rejeshi, yaani kumpa mtu mwingine asiyeiona fomu ya asili airudishe tafsiri katika lugha ilikotoka, ilienezwa sana na makala ya Richard Brislin ya mwaka 1970, nayo hufichua maneno yaliyorukwa na maswali yaliyogeuzwa. Haioni uzito, hata hivyo. Neno nzuri litarudi salama kila mara, ingawa katika Kiswahili limechakazwa na maamkizi, kwa kuwa hata mwenye homa akiulizwa habari hujibu nzuri kabla hajaeleza maumivu yake.

Uzito hupimwa kwa watu. Ngazi huandikwa kwenye kadi, kadi zikachanganywa, na wasomaji wa aina ya wageni wanaotarajiwa wakaombwa kuzipanga juu ya mstari wenye 0 upande mmoja na 100 upande wa pili, bila kuambiwa umbali unaotakiwa. Kisha zoezi hilohilo hufanywa kwa kadi za Kiingereza na wasomaji wa Kiingereza. Endapo nzuri na nzuri kiasi zitaangukia karibu mahali pamoja, skeli ya Kiswahili ina ngazi nne tu, na mfasiri hurudi mezani na kadi moja tupu.