Kadi Kumi na Nne

Mwaka 1950 kampuni ya Toyota ilinusurika kufilisika. Magari yalikuwa yametengenezwa mengi kuliko yaliyouzika, fedha zikawa zimelala kwenye mali isiyotoka, mgomo ukazuka, wafanyakazi wengi wakaondoka, na mwanzilishi Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Ndani ya kampuni hiyo alikuwamo msimamizi wa karakana ya mashine aitwaye Taiichi Ohno, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akijiuliza jinsi ya kuzuia karakana isitengeneze kitu ambacho hakuna anayekihitaji kwa wakati huo. Jibu alilolijenga ndilo linalofundishwa leo vyuoni kama mkakati wa kuvuta. Namna alivyolijenga, taratibu, karakana moja baada ya nyingine, ni ufundi ambao kila mwanafunzi wa ununuzi na ugavi anayerudia masomo yake anastahili kuutazama kwa makini.

Kwanza mkakati wa kusukuma, kwa kuwa ndio wengi wanaoujua hata wasipoujua kwa jina. Ofisi ya mipango hukisia mauzo ya miezi ijayo, kisha huigawia kila idara kiasi cha kutengeneza. Idara ikimaliza kazi yake huipeleka mbele, iwe idara inayofuata iko tayari kuipokea au haiko. Katika biashara ya rejareja ni vivyo hivyo: msambazaji mwenye lengo la mauzo ya mwezi humshawishi mwenye duka achukue katoni zaidi tarehe 28, na kwenye vitabu vya msambazaji zinaandikwa kuwa zimeuzwa, ingawa kwa kweli zimehama ghala tu. Mwezi unaofuata mwenye duka haagizi chochote. Kiwandani wanaona mauzo yameporomoka wakati walaji wananunua kiasi kilekile cha siku zote.

Ohno aligeuza mwelekeo wa habari. Alikuwa amesikia habari za maduka makubwa ya Marekani, ambako mteja huchukua mwenyewe anachokitaka rafuni na mwenye duka hujaza pale palipopungua, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akiujaribu mpango huo katika karakana yake. Kituo cha mbele kikawa ndicho mteja, cha nyuma kikawa rafu. Mwaka 1953 mpango huo ulikuwa tayari unafanya kazi katika karakana ya mashine, na alipokwenda Marekani mwaka 1956 aliyaona maduka hayo kwa macho yake. Ilipofika 1962 ndipo ukaenea katika kampuni nzima. Zaidi ya miaka kumi ilipita kati ya wazo na matumizi kamili, na hilo halinishangazi nikiangalia jinsi mpango huo unavyohitaji kila kitu kingine kikae sawa kwanza.

Mpango huo huendeshwa kwa kadi, ambazo Wajapani huziita kanban, nazo ni kitu cha kawaida sana. Kila sanduku la vipuri lina kadi moja. Fundi wa kituo cha mbele anapoanza kutumia sanduku, huitoa kadi na kuiweka mahali pake. Kadi inakusanywa, inarudishwa kwa wanaotengeneza kipuri hicho, inakaa kwenye foleni, kisha inatengenezewa sanduku moja jipya na kurudi nalo mbele. Pasipo kadi hakuna ruhusa ya kutengeneza, hata mashine ikiwa imesimama na fundi amekaa bure. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana msimamizi aliyezoea kupimwa kwa wingi wa kazi huona mashine iliyosimama kuwa ni hasara.

Sasa tuhesabu kadi, kwa sababu hapa ndipo umahiri unapoonekana. Kanuni ni hii:

```
K = D × L × (1 + a) ÷ C
```

K ni idadi ya kadi, D ni matumizi kwa kila kipimo cha muda, L ni muda wa mzunguko mzima wa kadi moja, a ni akiba ya tahadhari, na C ni idadi ya vipuri katika sanduku. Tuseme kituo cha mbele kinatumia kipuri kimoja kila dakika, na sanduku linabeba vipuri 20. Kadi husubiri kukusanywa dakika 60, husubiri kwenye foleni dakika 120, kutengeneza sanduku kunachukua dakika 20, na safari za kwenda na kurudi ni dakika 40. Jumla ni dakika 240, na katika muda huo vitatumika vipuri 240. Ongeza asilimia 10 ya tahadhari, vinakuwa 264. Gawa kwa 20, unapata 13.2. Kadi haikatwi vipande, kwa hiyo tunapandisha: kadi 14. Kuanzia hapo haiwezekani kuwa na vipuri zaidi ya 280 kati ya vituo hivyo viwili, hata makisio ya ofisi yakosee vipi.

Tazama dakika zile 120 za foleni. Zimetoka wapi? Mashine inayotengeneza kipuri hicho inatengeneza aina nyingine za vipuri pia, na kubadilisha kalibu kutoka aina moja kwenda nyingine kunachukua, tuseme, saa nzima. Basi mafundi hutengeneza fungu kubwa la aina moja kabla ya kubadilisha, na kadi za aina nyingine zinangoja. Hapa mtu asiye fundi angewaambia wafanyakazi waongeze kasi. Toyota, kwa msaada wa Shigeo Shingo, ilichagua kushughulika na kalibu. Kwa maelezo ya Shingo, mwaka 1969 mashine ya shinikizo ya tani 1,000 ilihitaji saa nne kubadilishwa kalibu. Walitenganisha kazi zinazoweza kufanywa mashine ikiwa bado inazunguka na zile zinazodai isimame. Wakaandaa kalibu mpya, vifaa na vipimo kabla ya kusimamisha mashine, wakabadilisha hata namna ya kufunga ili bolti isizungushwe mara nyingi bure. Muda ukashuka hadi dakika 90, na hatimaye dakika tatu.

Katika mfano wetu hatuhitaji kufika huko. Kalibu ikibadilishwa kwa dakika kumi, mafungu yanakuwa madogo na foleni inaweza kushuka hadi dakika 30. Mzunguko mzima unakuwa dakika 150. Vipuri 150, na tahadhari yake, ni 165, sawa na 8.25: kadi 9. Akiba ya juu kabisa imetoka 280 hadi 180, na hakuna fundi aliyeambiwa akimbie.

Msimamizi mzuri hangojei hata hesabu hiyo. Huondoa kadi moja na kuangalia. Kazi ikiendelea vizuri kwa muda wa kutosha, huondoa nyingine. Siku kituo cha mbele kitakapokosa kipuri, udhaifu uliokuwa umefichwa na wingi wa mali umejitokeza: mashine inayoharibika mara kwa mara, vipuri vibovu, au mkusanyaji wa kadi anayechelewa. Udhaifu huo unarekebishwa, na ndipo kadi zinaendelea kupunguzwa. Ubao zinapotundikwa kadi nao unasomeka kwa jicho. Kadi zikirundikana kwa mtengenezaji, ameelemewa na wa mbele atakwama karibuni. Masanduku yote yakiwa yamejaa na kadi hazirudi, mahitaji yamepungua. Na ukikuta vipuri visivyo na kadi vimefichwa nyuma ya mashine, ujue mafundi hawauamini mpango, na mara nyingi wana sababu.

Kosa ninaloliona sana katika majibu ya wanafunzi ni kusema kuwa kuvuta maana yake ni kungoja mteja aagize ndipo utengeneze. Wallace Hopp na Mark Spearman, katika makala yao ya 2004, walilieleza vizuri zaidi: mfumo wa kuvuta ni ule unaoweka kikomo cha wazi kwa mali iliyo njiani. Mfumo wa kusukuma hauna kikomo hicho. Kiwanda kinachotengeneza kwa oda tu kinaweza kabisa kuwa cha kusukuma, kama kinaingiza kila oda karakanani bila kujali kazi ngapi zimekwama ndani.

Katika rejareja uzuri wa kazi hii unaonekana pale mtu anapochagua mahali pa kuacha kusukuma. Benetton ya Italia ilikuwa ikitia uzi rangi kwanza kisha kuufuma kuwa sweta, kama wafanyavyo wengi. Ubaya ni kwamba rangi itakayopendwa msimu huo ni ngumu kukisia kuliko umbo la sweta. Ikaanza kufuma sehemu ya sweta zake bila rangi, kwa makisio, na kuzitia rangi baada ya kuona madukani zinachukuliwa zipi. Kutia rangi vazi lililokwisha fumwa ni ghali kuliko kutia uzi, na kampuni ilikubali gharama hiyo kwa kuwa kubaki na sweta za rangi isiyotakiwa kuligharimu zaidi. Duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam au Nairobi lenye mashine ya kuchanganya rangi linafanya kazi hiyohiyo: makopo ya rangi ya msingi huletwa kwa makisio, rangi yenyewe huchanganywa mteja akiwa amesimama kaunta.

Wala kuvuta hakufai kila mahali. Mzigo unaotoka Guangzhou kwa meli na kufika bandarini baada ya wiki nyingi hauwezi kufuata kadi ya leo. Hadi ghala la Dar utasukuma, na kutoka ghala hadi rafu utavuta. Toyota yenyewe ilijifunza hivyo. Februari 1997 moto uliunguza kiwanda cha Aisin kilichotengeneza karibu vali zote za breki za aina moja ilizotumia, na kwa kuwa akiba ilikuwa ndogo sana, viwanda vyake Japani vilisimama kwa siku kadhaa. Baada ya tetemeko la 2011 iliwataka wasambazaji wake waweke akiba ya chipu za kompyuta ya kati ya miezi miwili na sita, kwa sababu chipu huchukua muda mrefu kutengenezwa. Ukirudi kwenye kanuni utaona hakuna kilichobadilika: L imekuwa kubwa, kwa hiyo kadi nazo zimekuwa nyingi.

Wewe unayejiandaa kwa mtihani, chagua bidhaa moja katika duka unalolifahamu, unga au sabuni. Muulize mwenye duka anauza ngapi kwa siku, mzigo huja kwa katoni za ngapi, na tangu aagize hadi upangwe rafuni hupita siku ngapi. Tafuta K, kisha uhesabu katoni zilizoko stoo na uone zimezidi kwa ngapi.