Sura Mpya Ingoje Zamu Yake

Anayepita Mkolani baada ya swala ya Alasiri, kandokando ya barabara iendayo Shinyanga, husikia watoto wakisoma kwa sauti moja na kudhani kazi ya ustadhi ni hiyo: yeye atamke, wao waitikie. Hiyo ni sehemu nyepesi. Ustadi wenyewe huonekana sauti ya pamoja inaponyamaza na mtoto mmoja akaitwa mbele asome peke yake. Wakiwa pamoja, asiyejua hufuata midomo ya mwenzake, akachelewa kidogo tu, na hakuna anayemgundua.

Ustadhi ninayemsimulia hapa ana watoto wapatao 30 na saa moja na nusu kabla ya Magharibi. Ukigawa, kila mmoja anapata dakika tatu. Ratiba yake yote imejengwa juu ya dakika hizo tatu, na swali analojiuliza kila siku si mtoto huyu apewe aya ngapi mpya, bali ni zipi za zamani asikilizwe leo ili zisimtoroke. Mtume alikwisha kuonya kuwa Kurani humponyoka mtu upesi kuliko ngamia afunguliwaye kamba. Ustadhi ameichukulia kauli hiyo kama maelekezo ya kazi.

Juzuu Amma ina sura 37, kuanzia An-Naba hadi An-Nas, na aya 564. Watoto huanzia mwisho na kupanda: Alfatiha kwanza, kisha An-Nas, Al-Falaq, Al-Ikhlas, kwa kuwa hizo ni fupi na zinahitajika katika swala. Wa miaka mitano na sita hawajui herufi bado, kwa hiyo husomeshwa kwa talkini, yaani ustadhi anatamka kipande cha aya nao wanarudia mpaka kikae. Aya moja kwa siku inawatosha, hata nusu ikiwa ndefu. Sura zote walizokwisha kuhifadhi hupitiwa kila siku, bila kuruka hata moja, maana ni chache na kumbukumbu ya umri huo hushika haraka na kuachia haraka.

Katika talkini ndipo ustadhi anapokuwa mkali, nami namuunga mkono. Watoto wengi hapa wamekulia katika Kisukuma, na herufi r na l hubadilishana midomoni mwao, kwa hiyo neno rabbi hutoka labbi. Kuna pia q: qul, yaani sema, ikitamkwa kwa k ya kawaida inakuwa kula chakula, na sura nne kati ya zile za mwishomwisho huanza na neno hilo. Kosa la matamshi likirekebishwa siku ya kwanza huondoka kwa dakika chache. Likishahifadhiwa pamoja na aya, kulitoa ni kazi ya wiki kadhaa, kwa sababu ulimi umekwisha kulizoea.

Kuanzia miaka saba hadi tisa ratiba hubadilika, na hapa ndipo penye ufundi ninaoupenda zaidi. Mtoto sasa anasoma herufi, anabeba aya mbili au tatu kwa siku, na hawezi tena kupitia kila kitu kila siku. Somo lake linagawanyika sehemu tatu: la leo, la wiki hii na la zamani.

Chukua binti wa miaka minane aliyehifadhi kuanzia An-Nas hadi Al-Humaza, sura 11 zenye aya 57. Wiki iliyopita alimaliza Al-Asr, na sasa anaingia At-Takathur, yenye aya nane. Angegawiwa mbilimbili kwa siku nne, hesabu ingekuwa safi na hifadhi ingekuwa mbovu. Aya ya tatu, ya nne na ya tano zinafanana mno, na ukizitenganisha, kesho hatajua yuko kwenye ipi. Basi Jumamosi anapewa mbili za kwanza, Jumapili tatu hizo zinazofanana kwa mkupuo mmoja, Jumatatu tatu za mwisho. Jumanne anaisoma sura nzima bila msahafu, na hapo ustadhi anatega sikio kwenye mwisho wa aya ya tano na wa saba: moja ina ilma, nyingine ayna, na watoto huzibadilishana. Jumatano anaisoma tena pamoja na Al-Asr. Alhamisi hakuna aya mpya kwa mtu yeyote, ni siku ya kudurusu tu, na Ijumaa chuo hufungwa.

Zile 11 za zamani zinazunguka kwa siku mbili. Siku moja ni kuanzia An-Nas hadi Al-Kauthar, aya 32. Siku ya pili ni Al-Maun hadi Al-Humaza, aya 25. Husikilizwa na msichana mkubwa, wakiwa wawiliwawili pembeni, kwa sababu dakika tatu za ustadhi hazitoshi kwa yote. Ustadhi hubakiza kwake somo jipya na swali moja la ghafla: anatamka aya ya katikati ya sura na kusema, “Endelea, mwanangu.” Aliyehifadhi kweli huendelea. Aliyeshika wimbo tu hunyamaza, kisha anarudi mwanzo wa sura ili apate kasi.

Dalili nyingine ni kasi yenyewe. Mtoto anapoanza kukimbia, mara nyingi kuna mahali mbele anapopaogopa. Katika Al-Kafirun, aya ya tatu na ya tano ni moja, neno kwa neno, na asiye imara huruka kutoka ya tatu hadi ya mwisho, au huzunguka humo asipate mlango. Katika Al-Asr, aya ya mwisho huanza kwa maneno yaliyomo pia katika At-Tin, na aliyefika juu huanza sura moja na kumalizia nyingine. Dawa ya ustadhi ni kuwafundisha viungo: mwisho wa aya hii na mwanzo wa ifuatayo, mara kumi, peke yake, bila sura iliyobaki.

Kila mtoto ana daftari lenye tarehe, sura na nukta kwa kila alipokwama. Nukta tatu katika sura moja, sura hiyo inarudi kesho na mpya inangoja. Nimemwona ustadhi akimzuia hivyo mvulana hodari, baba yake akiwa mlangoni.

Wenye miaka kumi na zaidi wakishamaliza juzuu hupewa mzunguko wa siku sita. Jumamosi ni An-Naba na An-Naziat, aya 86, na Alhamisi ni Az-Zalzala hadi An-Nas, aya 98. Husoma pia maana katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, kwa kuwa ajuaye kisa cha tembo hapotei kirahisi ndani ya Al-Fil. Karibu na mitihani ya darasa la nne na la saba, somo jipya husimamishwa kabisa na mzunguko hubaki. Mtoto aliyeacha kudurusu miezi miwili hurudi na kazi kubwa kuliko aliyoiacha.

Mzazi usiyesoma Kiarabu, usiombe mwanao sura mpya. Muulize ya wiki mbili zilizopita, hesabu anakwama mara ngapi, kisha mpelekee ustadhi idadi hiyo.