Kukipima Kidole kwa Saa

Ukibandika kipande cha shaba chenye ukubwa wa stempu nyuma ya kioo, ukakiunganisha na pini moja ya maikrokontrola, tayari una swichi isiyo na kitu kinachosogea. Haina springi ya kuchoka, wala mwanya wa kupitisha vumbi jekundu la Nachingwea, ambalo kiangazi huingia hadi ndani ya redio iliyofunikwa kitambaa. Mtu anagusa kioo, taa ya sola inawaka. Wanaoiona hukisifu kioo. Mimi namsifu fundi aliyeandika mistari michache ya programu nyuma yake, kwa sababu kukitambua kidole ni rahisi. Kazi iko kwenye kuitambua mvua, joto na kitambaa kibichi, na kutovidhania kuwa kidole.

Namna yenyewe ni hii. Kati ya volti 5 na bamba la shaba kuna rezista ya megaomu 1. Pini inashushwa kwanza hadi sifuri ili bamba limwage chaji yake yote, kisha inaachiwa. Chaji inaanza kuingia kidogo kidogo kupitia rezista, kama mtungi uliowekwa chini ya bomba linalochuruzika: kadiri mtungi ulivyo mpana, ndivyo maji yanavyochelewa kufika kwenye alama. Kidole kinapokaribia kioo, mwili wa mtu, ambao ni maji ya chumvi na unapitisha umeme, unaliongezea bamba upana. Maikrokontrola haipimi kidole hata kidogo. Inapima muda, tangu pini ilipoachiwa hadi volti zilipovuka alama ambayo pini inaihesabu kuwa ni moja.

Tuchukue bamba la kweli. Shaba, waya mfupi na pini yenyewe vinafikia kama pikofaradi 20. Ukizidisha na megaomu 1 unapata mikrosekunde 20, na alama ya pini ikiwa karibu na nusu ya volti za betri, safari inachukua mikrosekunde 14 hivi. Chipu ya ATmega328P inayopigiwa saa ya megahezi 16, kwa kutumia pini yake ya ICP1 inayonasa wakati bila kusubiri programu, itahesabu mapigo 222. Sasa weka kidole juu ya kioo cha milimita 3. Sehemu ya kidole inayogusa ni kama sentimita 1 ya mraba, na hiyo inaongeza pikofaradi 2 tu. Hesabu inapanda kwa asilimia 10, yaani mapigo 22. Hayo ni machache kuyaamini kwa pimo moja, kwa hiyo fundi anapima mara 64 na kujumlisha. Jumla ikiwa tupu ni kama 14,200, na kidole kinaongeza 1,420. Kazi yote hiyo inaisha ndani ya milisekunde 2 au 3.

Kuna jambo moja katika mpango huu ambalo nalipenda kuliko mengine yote. Betri ya sola ikichoka usiku, volti zinashuka, na mtu angetarajia kipimo kiyumbe. Hakiyumbi, au kinayumba kidogo sana. Bamba linajazwa kuelekea volti za betri, na alama ya kuvuka ni sehemu ya volti hizohizo. Vyote viwili vinashuka pamoja na muda unabaki palepale.

Bamba si lazima liwe shaba. Kwenye ardhi ya Ruangwa, upande wa Chilalo na kwingineko, kuna madini ya kinywe, na kinywe ndicho kilichomo ndani ya penseli ya mwanafunzi. Paka penseli kwa nguvu kwenye karatasi mpaka ing'ae, bana waya pembeni, na umepata bamba. Mchoro huo una ukinzani wa maelfu ya omu, lakini mbele ya rezista ya megaomu 1 hata omu 10,000 ni asilimia 1 tu. Ni njia nzuri ya kumfundisha mwanafunzi, na ina faida nyingine: karatasi inanyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo ndani ya siku moja mwanafunzi ataona msingi wa hesabu ukihama bila mtu yeyote kugusa kitu.

Kuhama huko ndiko kunakotenganisha swichi ya mezani na swichi ya ukutani. Vumbi likiwa kavu halipitishi umeme, kwa hiyo miezi yote ya kiangazi linalala juu ya bodi kimya, kati ya njia ya bamba na njia ya hasi. Mvua za kwanza zinapofika, Novemba au Desemba, vumbi lilelile linalowa na kuwa rezista. Tuseme uvujaji huo ni wa megaomu 20. Bamba sasa haliwezi kufika volti 5 kamili, linaishia kama asilimia 95, na safari ya kufika alama inarefuka kwa asilimia 2 na kitu. Jumla yetu inapanda kwa zaidi ya 300, karibu robo ya kidole. Uvujaji ukizidi, ukafika megaomu 1, bamba linaishia nusu ya volti na huenda lisiivuke alama kamwe. Programu isiyowekewa kikomo cha kusubiri itakwama hapo, taa isizimike wala isiwake, na mwenye nyumba atasema chipu imeungua. Kusafisha mabaki ya fluksi kwa spiriti baada ya kuchoma risasi, kisha kupaka vanishi, kunapunguza uvujaji. Kuumaliza hakuwezi.

Dawa ni kuuacha msingi utembee. Unyevu unakuja kwa nusu saa, joto la bati linakuja kwa saa kadhaa, na kidole kinakuja kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo programu inaukumbuka msingi na kuusogeza polepole kuelekea kila pimo jipya, ila inasimama kuusogeza pale kidole kinapokuwa juu ya kioo. Pimo likirudiwa mara 20 kwa sekunde, hii inatosha:

```c
static int32_t hazina;   // mwanzoni: soma() * 1024L

int32_t msingi  = hazina >> 10;
int32_t tofauti = soma() - msingi;

if (tofauti > 700)      imeguswa = 1;
else if (tofauti < 450) imeguswa = 0;

if (!imeguswa) hazina += tofauti;
```

Vizingiti ni viwili, 700 na 450, ili kidole kinachotetemeka ukingoni kisiiwashe na kuizima taa mara tano. Msingi unalisogelea pimo kwa sehemu 1 ya 1024 kila mara, ambayo ni mwendo wa kama sekunde 51. Unyevu ule wa nusu saa ukiuinua msingi kwa 330, programu inabaki nyuma yake kwa mapigo 10 hivi tu, na mapigo 10 hayamwashii mtu taa.

Hiyo `hazina` inaweza kuonekana kama madoido, na wengi huandika kwa mkato `msingi += tofauti >> 6`. Hapo pana kasoro ambayo huchukua muda kugunduliwa. Tofauti yoyote kati ya 0 na 63 ikisogezwa hivyo inakuwa 0, lakini tofauti ya -1 inakuwa -1, kwa sababu kusogeza biti kwa namba hasi kunaenda chini badala ya kuelekea sifuri. Hewa ikiwa imetulia kabisa, mitetemo midogo ya juu inatupwa na ya chini inahesabiwa, na msingi unateleza kushuka hadi pimo la kawaida liwe linaelea juu yake kwa makumi kadhaa ya mapigo. Swichi haiharibiki. Inazidi tu kuwa nyepesi kuliko ilivyokusudiwa, na siku ya unyevu inajiwasha. Ukihifadhi msingi ukiwa umezidishwa mara 1024, hakuna chenji inayopotea.

Kisha kuna haki ya pande mbili, ambayo katika kazi hii haipaswi kuwa sawa. Hesabu ikipanda ghafla, huenda ni kidole, kwa hiyo msingi unaganda. Hesabu ikishuka ghafla chini ya msingi, haiwezi kuwa kidole, maana kidole huongeza tu. Huenda mtu aliiwasha swichi mkono ukiwa juu ya kioo, msingi ukachukuliwa pamoja na mkono, na sasa mkono umeondoka. Kwa mwendo wa sekunde 51, ingebidi kungoja zaidi ya nusu dakika kabla swichi haijasikia tena. Afadhali programu ikiona mapimo machache mfululizo yako chini kwa zaidi ya 450, ishuke nayo papo hapo. Na kwa upande wa juu kuwe na mwisho wa subira: mtu akibandika kitambaa kibichi juu ya kioo, msingi ulioganda hautaganduka wenyewe, kwa hiyo mguso uliopita sekunde 30 uhesabiwe kuwa si mguso, na msingi uchukuliwe upya. Maktaba ya CapacitiveSensor ya Paul Badger, inayotumiwa sana kwenye Arduino, nayo ina saa yake ya kuchukua msingi upya, ambayo isipobadilishwa ni sekunde 20.

Limebaki suala la ardhi, na hapa ndipo swichi iliyofanya kazi vizuri mezani Nachingwea mjini inapokataa kijijini Ruangwa. Pikofaradi 2 za kidole hazina maana mpaka chaji ipate njia ya kurudi. Mezani, bodi imechomekwa kwenye kompyuta, kompyuta iko kwenye umeme wa TANESCO, na njia ya kurudi kupitia ardhi ni pana. Ukutani, juu ya betri ndogo iliyowekwa kwenye rafu ya mbao, kifaa kinaweza kuwa na pikofaradi 5 tu kati yake na ardhi. Hizo zinaungana na za kidole kwa mfuatano, na pikofaradi 2 zinabaki 1.4. Mapigo 1,420 yanakuwa 1,000, na kizingiti cha 700 kilichokuwa katikati sasa kiko karibu na kilele. Mtu mwenye kidole chembamba atagusa mara mbili tatu kabla taa haijamsikia.

Kwa hiyo vizingiti hupimwa mahali swichi itakapoishi, na bila kuchomeka kompyuta, kwa kuwa waya wake unaleta ardhi ileile inayodanganya. ATmega328P ina baiti 1024 za kumbukumbu ya EEPROM isiyofutika umeme ukikatika. Andika humo msingi kila baada ya dakika 5, baiti 2 kwa kila pimo, na nafasi inatosha mapimo yanayokaribia 512, kama saa 42: mchana wa jua kali juu ya bati, alfajiri yenye umande, na mchana mwingine. Tenga baiti chache za mwisho kwa tofauti kubwa iliyoonekana mtu alipogusa. Ukiirudisha bodi mezani na kuzisoma namba hizo, kizingiti cha juu kiweke kwenye nusu ya kidole kilichopimwa kule, na cha chini kwenye theluthi yake.