Mteja anapoingia kazini kwa mkandarasi

Tarehe 1 Juni 2005 maofisa wa serikali ya Tanzania waliingia katika ofisi za City Water jijini Dar es Salaam, wakashika uendeshaji na kuwaondoa nchini mameneja wa kigeni. Kazi ya kusambaza maji ikakabidhiwa DAWASCO, shirika la umma. City Water, iliyodhibitiwa na Biwater Gauff, ilikuwa imeanza kazi Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10 na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji.

Malalamiko dhidi ya kampuni yalikuwa na msingi: makusanyo hayakufikia makisio, na usuluhishi uliofuata juu ya mkataba wenyewe uliipa DAWASA ushindi. Mwaka 2008, hata hivyo, jopo la ICSID lilikuta kwamba serikali ilikiuka makubaliano ya uwekezaji na Uingereza. Notisi ya kuvunja mkataba ilikuwa bado haijamaliza muda wake, nayo serikali ikaichukua kampuni. Fidia haikutolewa, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeshapoteza thamani yake.

Kifungu cha haki ya kuingilia kati huandikwa kwa ajili ya hali kama hiyo. Mkataba unabaki hai, ila mteja anaendesha kazi kwa muda, na gharama za ziada zinamwangukia mkandarasi.

Tuseme kamati ya maji ya Dzaleka, Malawi, imempa mkandarasi wa Lilongwe kazi ya kuendesha pampu ya sola. Kifungu kinaweza kusema hivi: maji yakikosekana saa 48 mfululizo, kamati inatoa notisi ya maandishi inayotaja hitilafu, mkandarasi ana saa 24 za kuirekebisha, akishindwa, kamati inaingia kwa siku zisizozidi 30. Mambo hukwama mlangoni. Kama ufunguo wa kisanduku cha umeme na nywila ya kidhibiti cha pampu viko kwa mkandarasi pekee, kamati ina haki ambayo haiwezi kuitumia. Kwa hiyo nakala zake hukabidhiwa siku ya kwanza.

Kifungu cha watumishi muhimu huonya mapema zaidi. Fundi mkuu anatajwa kwa jina. Hahamishwi bila idhini ya mteja, na akiacha kazi, mbadala wa sifa zilezile anapatikana ndani ya siku 14. Dalili huonekana kwenye daftari la pampu: saini ya fundi inatoweka, vijana wapya wanasaini kwa zamu.

Kuondoka kwa fundi mkuu peke yake hakutoshi kumpa mteja haki ya kuingia. Mtu anaweza kuugua au kupata kazi kwingine. Kamati inadai mbadala kwanza. Ikiwa siku 14 zimepita na huduma imeanza kuyumba, hapo inaingia. Maji yakirudi kutoka kwa kiwango kilichokubaliwa, inarudisha kazi kwa mkandarasi. Siku 30 zikiisha bila nafuu, inatoa notisi ya kuvunja mkataba na kusubiri imalize muda wake.