"Nywele Halisi": Kasoro ya Lebo

Lebo ya wigi moja iliyonunuliwa Masagati yasomeka: "Nywele halisi, mawimbi, inchi 14, nyuzi 180." Neno "halisi" halielezi malighafi. Unywele wa binadamu ukichomwa hunuka kama unyoya na kuwa majivu. Wa plastiki huyeyuka ukaacha tone gumu. Huu uliacha tone.

Hata plastiki istahimiliyo joto la pasi ya nywele huyeyuka motoni. Kwa hiyo jaribio hili haliitofautishi na ile ya kawaida. Lebo ndiyo ipasayo kusema. Lakini "nyuzi 180" yaweza kudhaniwa idadi ya nyuzi za wigi. Yafaa iandikwe: "Nyuzi za plastiki, joto lisizidi nyuzijoto 180 za Selsiasi."